Mteja Aliyejiona kwenye Slaidi ya Nne

Mdogo wangu ana duka la pembejeo na dawa za mifugo mjini Morogoro. Kuku ndio wanaomlipia kodi ya pango: chakula cha vifaranga, vitamini, dawa za minyoo, na zaidi ya vyote chanjo ya kideri, ugonjwa ambao wengine huuita mdondo na ambao ukishaingia bandani hauna tiba. Msimu mmoja wateja wanne walirudi dukani kwa kufuatana, wote wakilalamika kwamba wamechanja na kuku wamekufa vilevile. Alipowahoji mmoja mmoja akagundua kila mmoja alikosea mahali fulani. Usiku huo, amechoka na hasira bado haijamtoka, akafungua simu akatengeneza karuseli.

Karuseli ni ule mfululizo wa picha kwenye Instagram unaousukuma kwa kidole, moja baada ya nyingine. Ilipoanza mwaka 2017 ilibeba picha 10. Tangu 2024 inabeba hadi 20. Wenye maduka, waganga wa mifugo, mafundi na wapishi wameipenda kwa sababu inawaruhusu kufundisha jambo zima kwa vipande vidogo. Na mtindo unaotumika kuliko yote ni huu wa “makosa ya kuepuka”.

Slaidi ya kwanza ya mdogo wangu ilisema: “MAKOSA 7 YA KIZEMBE YANAYOUA KUKU WAKO.” Ya nne ilisema: “UNAHIFADHI CHANJO ILIYOBAKI ILI UITUMIE KESHO? ACHA UBAHILI!” Alama nyekundu ya mkasi kila ukurasa, kama daftari lililotoka kwa mwalimu wa hesabu.

Posti ilishangiliwa. Wenye maduka wenzake waliipenda, mabwana mifugo wawili wakaisambaza, mmoja akaandika “waambie hao!” Wateja wake walikaa kimya, isipokuwa mama mmoja aliyemtumia ujumbe wa faragha karibu saa tano usiku: “Dada, nimeona. Mimi ndiye yule mbahili. Asante.” Alikuwa mteja wa miaka mitatu. Hakuonekana tena dukani kwa muda mrefu.

Mdogo wangu alinipigia kwa kuwa mimi ndiye mwandishi wa familia. “Kaka, nimesema uongo wapi?”

Hakuwa amesema uongo popote. Chanjo iliyokwisha kuchanganywa haiwekwi kwa ajili ya kesho, hilo ni kweli kabisa. Shida ilikuwa kwamba alikuwa amewaandikia watu wasiohitaji kuambiwa. Wanaoshangilia orodha ya makosa kwa kawaida ni wale ambao hawajawahi kuyafanya. Wanafurahia kuona mtu mwingine akisomewa mashtaka. Msomaji anayestahili posti ile ni yule aliyekwisha kukosea, ambaye kuku wake wamekufa, na ambaye anafika kwenye slaidi ya nne akiwa peke yake na simu yake. Mwongozo wa kawaida humkuta msomaji kabla hajaanza kazi. Orodha ya makosa humkuta baada ya hasara, na hapo ndipo inapotofautiana na mafundisho mengine yote.

Tulikubaliana kuiandika upya, na nikamwomba jambo moja kabla ya kugusa hata neno: aniambie kila mmoja wa wale wanne alifanya kosa lake kwa nini. Alikuwa anajua, maana alikuwa amewauliza mwenyewe. Ila majibu yale hakuyaweka kwenye posti.

Yule mama ana kuku 30. Chupa ndogo aliyoipata ilikuwa ya dozi 100. Alitumia kiasi, iliyobaki akaiweka kwenye friji kama anavyoweka mchuzi, akawapa kuku wa binti yake siku ya pili. Mwingine alichanganya chanjo na maji ya bomba, badala ya maji ya kisima yaliyokuwa hatua 20 kutoka bandani. Kwa nini? Kwa sababu tangu akiwa shule ya msingi ameambiwa maji ya bomba ndiyo salama. Hakujua kwamba klorini inayoua vijidudu kwenye maji ya kunywa inaua na chanjo, kwa kuwa chanjo ile ya majini ni virusi hai vilivyodhoofishwa. Wa tatu alinunua asubuhi, akapitia sokoni na msibani, akafika nyumbani alasiri. Chanjo ilishinda kwenye mkoba wakati ilitakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Wa nne aliposikia kuku wa jirani wanakufa alikimbia kununua chanjo siku ileile. Kuku wake walikuwa tayari wameshaambukizwa, na kinga inahitaji wiki moja au zaidi kujijenga. Walipokufa siku ya tatu, aliondoka na imani kwamba chanjo ndiyo iliyowaua.

Watazame vizuri watu hawa. Mmoja alikuwa anaepuka kupoteza pesa, mmoja anatafuta usafi, mmoja alikuwa na mambo mawili ya kufanya mjini kwa nauli moja, na mmoja aliogopa akachukua hatua haraka. Sioni mzembe hata mmoja. Kila kosa lilitokana na busara iliyotumika mahali ambapo haikufaa. Huruma katika karuseli ya makosa ni hiyo tu: sababu ya kosa iandikwe kwenye slaidi, kwa maneno ambayo mkosaji mwenyewe angeyatumia, kabla ya marekebisho. Wengi hudhani huruma ni kulainisha sauti na kuongeza vikaragosi vya mioyo. Unaweza kulainisha sauti ukabaki unamwita mtu mbahili.

Jambo la kwanza lililotokea tulipoweka sababu ni kwamba makosa yalipungua kutoka saba hadi manne. Yale mengine matatu hakuna mteja aliyeyafanya. Mdogo wangu aliyaongeza kwa sababu namba saba ilipendeza. Kosa ambalo huwezi kulieleza lilitokeaje huenda hujaliona likitokea.

Slaidi ya nne ndiyo iliyotuchukua muda. Jaribio la kwanza la mdogo wangu lilikuwa “Tafadhali usihifadhi chanjo iliyobaki.” Ina adabu, lakini yule mama angeisoma na kubaki na swali lilelile: na hizi dozi 70 nizifanye nini? Tulibishana, tukafuta, na mwisho ikawa hivi:

“Chupa ina dozi 100, nawe una kuku 30. Inauma kumwaga zilizobaki. Lakini chanjo ikishachanganywa hudumu kama saa mbili tu, na friji haiiongezei muda. Tafuta majirani wawili, mchanje asubuhi moja, mchangie chupa.”

Sentensi ya kwanza ni hesabu yake mwenyewe, na akiisoma anajua kwamba aliyeandika amewahi kumsikiliza. Ya pili inakubali maumivu kwa maneno mawili matatu, haikai hapo. Ya tatu inatoa sababu ya kisayansi pamoja na muda. Ya nne inampa njia ya kuokoa pesa yake, ambayo ndiyo aliyokuwa akiitafuta tangu mwanzo alipoiweka chupa kwenye friji. Maneno hayafiki 40. Kwenye picha ya upana wa 1080 na urefu wa 1350, kipimo ambacho wengi hutumia, maandishi kiasi hicho yanasomeka bila kukunja uso, hata kwa mtu aliyeacha miwani nyumbani.

Ile sentensi ya nne ina ushahidi nyuma yake. Mwaka 1965 Howard Leventhal na wenzake walichapisha jaribio walilofanya kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kuhusu chanjo ya pepopunda. Wengine walipewa kijitabu cha kutisha chenye picha za wagonjwa, wengine kijitabu cha upole. Waliotishwa zaidi walisema zaidi kwamba chanjo ni muhimu, lakini ukali wa kijitabu haukuongeza idadi ya waliokwenda kuchanjwa. Kilichosogeza miguu kilikuwa kitu kidogo cha kushangaza: ramani ya chuo yenye kituo cha afya kilichozungushiwa duara, pamoja na ombi kwamba mwanafunzi apange saa atakayopita pale. Waliopata maelekezo hayo walikwenda kama 28 katika kila 100. Wasioyapata walikuwa kama 3. Na hawa walikuwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho, kituo walikuwa wanakijua.

Mdogo wangu alipenda kisa hicho kuliko nilivyotarajia. Kwenye slaidi ya tatu, ya chanjo iliyoshinda kwenye mkoba, alifuta “Zingatia mnyororo wa baridi” akaandika: “Chanjo iwe kitu cha mwisho kununua kabla ya kupanda gari. Njoo na chupa ya chai, tutakuwekea barafu.” Hiyo ndiyo ramani yenye duara.

Sasa niseme kidogo kuhusu lugha yenyewe, maana Kiswahili kinatupa vifaa ambavyo waandishi wengi wa mitandaoni hawavitumii. Linganisha sentensi hizi: “Unaharibu chanjo kwa maji ya bomba” na “Chanjo huharibika kwenye maji ya bomba.” Ya kwanza ina mshtakiwa. Ya pili, kwa silabi ile ya -ik- katikati ya kitenzi, imemtoa msomaji kizimbani na kuacha tukio. Vivyo hivyo “umechelewa kuchanja” na “chanjo ilichelewa”. Na ule wakati wa mazoea, hu-, una kazi yake: “Wengi huchanganya na maji ya bomba kwa kuwa ndiyo masafi” humweka msomaji katikati ya watu, naye hujiona bila kutajwa.

Lakini ukikiendekeza kifaa hiki kinakugeuka. Tuliandika slaidi nzima kwa -ik- na hu-, tukaisoma, ikawa kama tangazo la mamlaka ya maji: mambo yanatokea, hakuna anayefanya chochote, na msomaji hajui aanzie wapi. Kanuni tuliyoifuata baadaye ni rahisi. Kosa liandikwe bila mtendaji. Marekebisho yaandikwe na “wewe”. Chanjo huharibika kwenye maji ya bomba; wewe chota maji safi ya kisima au ya mvua. Kama bomba ndilo pekee ulilonalo, koroga kwanza kijiko cha chai cha maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwa kila lita, kisha ndipo utie chanjo. “Wewe” huyu anayepewa kazi haumii, anaumia yule anayepewa lawama.

Kuna na “sisi”. Wengi wanadhani ukiandika “tunakosea” umeshuka hadi kwa msomaji. Inategemea. Mdogo wangu hajawahi kufuga kuku hata mmoja, anaogopa hata kumshika jogoo, na wateja wake wanajua. Angeandika “sisi wafugaji tunakosea” wangecheka. Alichokuwa nacho cha kweli kilikuwa kosa la duka: kwa miaka yote hakuwahi kumweleza mteja wakati wa kuuza kwamba maji ya bomba hayafai. Aliandika hivyo kwenye slaidi ya pili: “Hili tulipaswa kukuambia dukani.” Kwa maoni yangu ndiyo sentensi nzuri kuliko zote kwenye karuseli ile, na sikuiandika mimi.

Tatizo jingine sikulijua mpaka lilipotukuta. Watu hawatumii karuseli nzima wanapoisambaza kwa ndugu zao. Wanapiga picha ya skrini moja, wanaiweka kwenye WhatsApp, na slaidi ile inakwenda peke yake kijijini bila mwanzo wala mwisho. Katika toleo la kwanza slaidi ya tano ilikuwa na kichwa kikubwa: “KUCHANGANYA NA MAJI YA BOMBA”, na chini yake, kwa herufi ndogo za kijivu, maelezo kwamba haifai. Mjomba wetu wa Kilosa aliipata kwenye kundi la ukoo akauliza: “Kwa hiyo tunachanganya na ya bomba?” Alisoma kilichoonekana, na simu yake ina ufa katikati ya kioo.

Tangu hapo vichwa vyote vilitaja jambo la kufanya, na kosa likaingia ndani ya maelezo: “Tumia maji yasiyo na klorini.” “Chanja mapema, kabla kuku wa jirani hawajaugua.” Ajabu ni kwamba marekebisho haya, tuliyoyafanya kwa ajili ya usahihi, yalipunguza ukali kuliko juhudi zetu zote za upole. Huwezi kumkaripia mtu kwa sentensi inayomwelekeza.

Slaidi ya kwanza ilibaki ngumu. Mdogo wangu alisisitiza kwamba bila kitu cha kushtua watu hawasimami, na hapo ana haki. Kidole kinapita haraka. Tulijaribu “Mambo ya kuzingatia unapochanja”, nami mwenyewe nisingeisoma. Kilichofaa kilikuwa swali la wateja wenyewe, kama walivyolitamka pale kaunta: “Nimechanja, mbona kuku wamekufa?” Linasimamisha mtu kwa sababu ni lake, na halijamtukana. Slaidi ya pili ikaanza na jibu lisilomlaumu mtu, kwamba kuna njia nne ambazo chanjo nzuri hushindwa kufanya kazi. Slaidi hiyo ya pili inastahili uangalifu, kwa kuwa Instagram mara nyingi humrudishia posti mtu aliyeipita bila kuisukuma, safari hii ikimwonyesha picha ya pili. Ikiwa ya pili inaanza na “Kosa namba moja:”, yeye ndipo anapoanzia, na anaanza kwa kugombezwa.

Sitaki mtu aelewe kwamba kila kitu kinasemwa kwa sauti ya kubembeleza. Katika rasimu moja mdogo wangu aliweka “pole” kwenye kila slaidi, na kufikia ya tatu nilijihisi kama niko matangani. Pole moja, pale kwenye slaidi ya mfugaji aliyechanja kwa kuchelewa, ilitosha. Huyo ndiye aliyepoteza banda zima. Tena kuna makosa ambayo hasara yake haimwangukii aliyeyafanya. Mtu anayeona kuku wameanza kusinzia na kuharisha kijani, akawakimbiza mnadani kabla hawajafa, anapeleka kideri kwenye mabanda ya watu wengine. Sababu yake inaeleweka, anaokoa chochote kinachookoka, na tuliiandika. Lakini kichwa kilisema bila kuzunguka: “Kuku mgonjwa haendi sokoni.” Hapo hatukutumia -ik- wala hu-. Huruma kwa mwenye banda haiwezi kulipwa na jirani yake. Na neno “mbaya” au “mroho” halikuhitajika ili sentensi ile iwe nzito.

Toleo jipya lilipata alama za kupenda chache kuliko lile la kwanza. Yule bwana mifugo wa “waambie hao” alilipita. Waliolihifadhi walikuwa wengi zaidi, na kwenye maoni watu walianza kuuliza maswali yao: mvua haijanyesha, maji ya kisima changu yana chumvi, nifanyeje? Vifaranga wa siku saba nao wanywe? Mmoja aliandika kwamba naye aliwahi kuweka chanjo kwenye friji, akaandika hadharani, kwa jina lake. Sidhani kama angeandika hivyo chini ya posti ya kwanza.

Kama unaandaa yako, iwe ya chanjo, ya mikopo ya simu au ya kusuka nywele za watoto, usiichapishe kabla hujampa mtu mmoja aliyewahi kufanya kosa hilo aisome mbele yako kwa sauti. Usimuulize kama ni nzuri, atakuambia ni nzuri. Sikiliza ni wapi anashusha sauti, kisha urudi kwenye slaidi hiyo.